Delta ya mwisho: usiku wa kuhamia mfumo mpya unavyopangwa

Mfumo unaotumika hausimami kusubiri unakiliwe. Wakati data yake inapelekwa kwenye mfumo mpya, watu bado wanasajiliwa, wanalipa, wanasahihisha majina na kufuta makosa. Ndiyo maana nakala kamili ya kwanza huwa imeshapitwa na wakati hata kabla haijamalizika. Mabadiliko yote yaliyotokea tangu nakala hiyo ianze ndiyo huitwa delta. Delta ya mwisho ni ile inayopelekwa baada ya mfumo wa zamani kufungwa usiandikiwe kitu tena, muda mfupi kabla watumiaji hawajaelekezwa kwenye mfumo mpya.

Tuchukue hifadhidata ya malipo yenye rekodi milioni 36, na tuseme programu ya kunakili inahamisha rekodi 1,000 kwa sekunde. Nakala kamili itachukua saa 10. Ikiwa rekodi 20 hubadilika kila sekunde, katika saa hizo 10 zitakuwa zimebadilika rekodi 720,000, nazo zinapelekwa kwa dakika 12. Ndani ya dakika 12 hizo hubadilika nyingine 14,400, ambazo ni kazi ya sekunde 14 hivi. Kila mzunguko unapungua mara 50, kwa sababu kasi ya kunakili ni mara 50 ya kasi ya mabadiliko. Kasi hizo mbili zikikaribiana, delta haipungui, na hapo hakuna ratiba itakayokuokoa mpaka kwanza uongeze kasi ya kunakili.

Hesabu hii inaonyesha jambo ambalo wapangaji wengi hulikosa: muda wa kufunga huduma hautokani na ukubwa wa data. Delta ya mwisho yenyewe ni fupi. Muda unaliwa na kuhakikisha kwamba hakuna anayeandika tena, kulinganisha pande mbili, kujaribu, na kuamua.

Lakini delta fupi si lazima iwe delta kamili. Njia ya kawaida ya kuitafuta ni kuchukua rekodi zote ambazo safu ya `updated_at` inaonyesha zimebadilika baada ya usawazishaji uliopita. Njia hii ina mitego miwili, na yote miwili haitoi ujumbe wowote wa kosa.

Mtego wa kwanza ni muamala mrefu. Katika PostgreSQL, `now()` hurudisha saa ambayo muamala ulianza, si saa uliyokamilika. Tuseme muamala umeanza saa 3:58 usiku na kukamilika saa 4:03. Usawazishaji umepita saa 4:00 kamili. Wakati huo rekodi ilikuwa bado haionekani, kwa hiyo haikuchukuliwa. Usawazishaji unaofuata unauliza yaliyobadilika baada ya saa 4:00, lakini rekodi ile imeandikwa 3:58. Haitachukuliwa kamwe. Dawa yake ni kurudi nyuma kutoka `alama`, yaani saa ya usawazishaji uliopita, kwa muda unaozidi muamala mrefu kuliko yote katika mfumo:

```sql
SELECT * FROM malipo
WHERE updated_at >
  :'alama'::timestamptz - interval '30 minutes';
```

Baadhi ya rekodi zitaletwa mara mbili, na hilo halina madhara mradi upande wa pili unaandika kwa `INSERT ... ON CONFLICT (id) DO UPDATE`, yaani rekodi iliyopo inasasishwa badala ya kuongezwa upya.

Mtego wa pili ni ufutaji. Rekodi iliyofutwa haina tena `updated_at` ya kuulizwa. Imetoweka upande wa zamani na inabaki hai upande mpya. Unaweza kuutambua kwa idadi. Ikiwa zamani ina rekodi 36,734,402 na mpya ina 36,734,409, ziada ya 7 karibu kila mara ni rekodi zilizofutwa ambazo delta haikuziona. Linganisha orodha za `id` za pande zote mbili, kisha ufute zile zilizobaki upande mpya peke yake. Usiridhike na idadi kulingana tu: rekodi 7 zilizokosekana na 7 zilizopaswa kufutwa zinafichana, na jumla inatoka sawa kabisa. Kwa malipo, mimi hulinganisha pia jumla ya fedha kwa kila siku, kwa sababu siku isiyolingana inakuonyesha moja kwa moja mahali pa kutafuta.

Mfumo unaosoma kumbukumbu za mabadiliko za hifadhidata yenyewe huona ufutaji na hausumbuliwi na muamala mrefu. Ukiweza kuutumia, utumie. Mifumo mingi ya zamani hairuhusu, ndiyo maana njia ya `updated_at` bado iko kila mahali.

Sasa usiku wenyewe. Tuseme mmeruhusiwa kufunga huduma kuanzia saa 7 hadi saa 10 usiku. Saa 7:00 uandishi unafungwa, na hapa kuweka ukurasa wa matengenezo hakutoshi. Ukurasa huo unawazuia watu, hauzuii kazi za ratiba zinazojiendesha zenyewe, wala mifumo mingine inayoleta data kwa mlango wa nyuma. Ondoa ruhusa ya kuandika kwenye hifadhidata yenyewe, kata miunganisho iliyobaki, halafu soma idadi ya rekodi na `max(updated_at)` mara mbili kwa kuachanisha dakika 5. Namba zikisogea, kuna mtu bado anaandika, na delta itakayopigwa wakati huo si ya mwisho.

Saa 7:15 delta ya mwisho inapita. Ikimaliza, kuna hatua ndogo inayosahaulika mno: kihesabu kinachotoa `id` mpya. Rekodi zilizoletwa zikiwa na `id` zake hazikisogezi, kwa hiyo malipo ya kwanza baada ya kufungua yanaweza kugonga `id` iliyokwisha kutumika na kukataliwa. Kisogezwe kwa mkono:

```sql
SELECT setval('malipo_id_seq',
  (SELECT max(id) FROM malipo));
```

Ulinganisho unafuata hadi saa 8:15, kisha majaribio ya kusoma, na ya kuandika kwa akaunti za majaribio ambazo data yake itaondolewa kabla ya kufungua. Muda wa kila hatua utoke kwenye zoezi mlilofanya awali kwa data ya ukubwa uleule, si kwenye makisio.

Kitu ninachokisisitiza kuliko vyote katika ratiba ni saa ya uamuzi. Kabla watumiaji hawajaingia, kurudi nyuma ni rahisi: mnarudisha ruhusa za kuandika upande wa zamani na huduma inaendelea, hakuna kilichopotea. Ikiwa kurudisha huko kunachukua dakika 20, basi saa 9:40 ndiyo mwisho wa kurekebisha chochote. Hitilafu ikiwa bado haijaisha saa hiyo, mnarudi, hata kama fundi anasema amebakiza dakika 5. Aliye na kauli ya mwisho atajwe kwa jina kwenye mpango na awe macho usiku huo.

Baada ya kufungua, hali hubadilika. Malipo ya kwanza halisi yakishaingia kwenye mfumo mpya, yapo huko tu. Kurudi kwenye wa zamani kutoka hapo ni kuyapoteza, isipokuwa mliandaa mapema delta ya kinyume inayorudisha mabadiliko kutoka mpya kwenda zamani, nayo ikajaribiwa katika zoezi kama zile nyingine. Kama haipo, mpango uandike wazi kwamba hitilafu zitakazoonekana baada ya kufungua zitatengenezwa mbele kwa mbele.

Mfumo wa zamani usizimwe usiku huo. Uache ukisomeka bila kuandikika, na kesho yake tazama kumbukumbu zake za makosa: kila jaribio la kuandika lililokataliwa linakuonyesha kazi au mfumo ambao bado unaelekea anwani ya zamani.