"Gawanya tu kwa eneo": dhana potofu kuhusu mizigo ya mitambo ya juu ya paa

Juzi nimeletewa tena ujumbe wa mstari mmoja: "Chila moja, kilo 6,000, mita 6 kwa 2.2. Tafadhali thibitisha kwamba paa linabeba." Nikauliza uzito huo umekaaje kwenye miguu ya mashine hiyo ya kupoza maji ya viyoyozi. Mhandisi wa mitambo akanijibu kwa upole, kama anayemwelekeza mwanafunzi wa mafunzo: "Mhandisi, gawanya tu kwa eneo."

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, kutoka kwa watu wanaoijua kazi yao vizuri. Basi leo tuhesabu pamoja, kwa namba zao wenyewe.

Dhana: uzito ukigawanywa kwa eneo la mashine, mhandisi wa miundo ana kila anachohitaji

Kilo 6,000 ni kama kilonewtoni 59. Eneo la mashine ni mita za mraba 13.2. Ukigawanya unapata 4.5 kN kwa kila mita ya mraba, na sehemu hiyo ya paa imesanifiwa kwa 5. Inaonekana tumepita, na ndivyo mwenzangu alivyoona.

Lakini chila haikulala kwa tumbo. Imesimama kwa miguu sita, jozi tatu zilizoachana mita 3, na chini ya kila jozi inapita boriti moja ya chuma. Ukiusambaza mzigo kwa eneo, boriti ya katikati inabeba upana wa mita 3 na zile za pembeni zinabeba mita 1.5 kila moja. Kwa hesabu hiyo ya katikati inapata kN 29.5, za pembeni kN 14.7 kila moja. Boriti zikachaguliwa hivyo: nene katikati, nyembamba pembeni.

Sasa fungua mchoro wa usimikaji wa mtengenezaji, si ukurasa wa mbele wa katalogi wenye picha nzuri. Humo kila mguu una herufi yake na uzito wake. Kwa mashine hii, miguu miwili ya upande wa kompresa inabeba kilo 1,350 kila mmoja, ya katikati kilo 1,000, na ya upande wa pili, ambako kuna feni na koili tu, kilo 650. Jumla ni ileile 6,000. Ila boriti ya upande wa kompresa inapata kN 26.5, ya katikati 19.6, na ya mwisho 12.8.

Yaani boriti tuliyoichagua kwa 14.7 imebebeshwa 26.5, karibu mara 1.8, na ile nene ya katikati imekaa ikipumzika. Jumla ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kilichokosewa ni mahali pa kuiweka, na boriti haivunjwi na jumla.

Wapo wanaosema, sawa, basi gawanya kwa sita. Hapo kila mguu unapata kilo 1,000 na kila boriti kN 19.6. Ni afadhali, lakini mguu wa kompresa bado umezidi kwa asilimia 35.

Kosa hili hujionyesha lenyewe baadaye, hata kama boriti zilikuwa na nguvu za akiba. Aliyegawanya kwa sita huagiza pia springi sita za aina moja za kuweka chini ya miguu. Chukua springi inayoshuka milimita 25 chini ya kilo 1,000: upande wa kompresa itashuka karibu milimita 34, upande wa pili 16. Mashine inainama milimita 18 kutoka ncha hadi ncha, na fundi anaanza kupachika vipande vya bati ili kuisawazisha. Ukipanda paani ukakuta springi za upande mmoja zimebanwa hadi pete zinakaribia kugusana, na za upande mwingine zimesimama wima, usiwalaumu mafundi. Tafuta nani aligawanya kwa sita. (Na kwa kuwa nimezitaja springi: hazipunguzi uzito. Zinapunguza mtikisiko. Kilo 1,350 zikiingia juu ya springi, kilo 1,350 zinatoka chini yake.)

Kwa hiyo ninachoomba ni mchoro wenye miguu yote, kila mguu na uzito wake, na umbali wake kutoka kwenye mistari ya gridi ya jengo, si kutoka ukingo wa mashine. Pia aina kamili ya mashine pamoja na nyongeza zake: pampu za ndani, vifuniko vya kupunguza kelele, koili za shaba badala ya alumini. Nyongeza hizo hubadilisha uzito, na mbaya zaidi husogeza kitovu chake. Halafu mshale mmoja unaoonyesha kompresa zinaelekea wapi. Huo mshale ndio watu husahau. Nimewahi kukuta mashine imegeuzwa nyuzi 180 paani kwa sababu bomba zilifika upande mwingine, na boriti iliyoimarishwa ikabaki chini ya feni. Tangu siku hiyo boriti za ncha zote mbili nazisanifu kwa mzigo wa upande mzito. Gharama ya chuma cha ziada haifiki gharama ya kuishusha mashine.

Dhana: mashine ni nzito, haiendi popote, bolti za nini

Hapa mambo yanageuka. Kwa boriti tulitafuta mguu mzito kuliko yote. Kwa bolti tunatafuta mguu mwepesi kuliko yote, tena mashine ikiwa haina maji.

Chila yetu ina kimo cha mita 2.4. Upepo ukiipiga ubavuni unakuta mita za mraba 14.4. Tuseme shinikizo la jumla katika paa hilo, pamoja na vigawo vyake vyote, ni kN 1.5 kwa mita ya mraba. Namba halisi utaipata kwenye kanuni za upepo unazofuata. Nguvu ya kusukuma ni kN 21.6, nayo inashika katikati ya kimo, mita 1.2 juu ya miguu. Inataka kuipindua mashine kwa kNm 25.9. Miguu imeachana mita 2.2 kwa upana, kwa hiyo upande unaopigwa unavutwa juu kwa kN 11.8, kama 3.9 kwa kila mguu. (Hapa nimegawanya sawa, naam. Upepo unapiga ubavu mzima na fremu ni ngumu, kwa hesabu ya haraka inaruhusiwa. Uzito wa kompresa haujasambaa hivyo.)

Mguu mwepesi bila maji una kama kilo 620, yaani kN 6.1. Tukiuzidisha upepo kwa 1.5 na uzito kwa 0.9, kama tunavyofanya tunapokagua kunyanyuka, kuna 5.9 zinazovuta juu dhidi ya 5.5 zinazokandamiza. Mguu wa mashine ya tani sita unataka kuachana na paa. Kimo cha springi sijakihesabu bado, nacho kinaongeza mkono wa upepo.

Hizo kN 0.4 ni kidogo, bolti ya kawaida inazibeba. Lakini mguu huohuo unasukumwa pia kwa mlalo, kN 5.4 baada ya kuzidisha, na msuguano hauwezi kutegemewa kwenye mguu usiokandamiza chochote. Springi za wazi nazo hazishikilii kitu. Zinatakiwa zenye kizuizi cha juu na cha pembeni. Nguvu zote hizo zinaishia kwenye zege, na mara nyingi zege ndilo linaloshindwa kabla ya bolti. Bolti ikiwa karibu na ukingo, kipande cha zege kinabanduka nayo. Ndiyo maana naomba nguvu ya kuvuta na ya kusukuma kwa kila mguu, pamoja na nafasi ya matundu ya bolti. Kuniandikia "zitafungwa kwa bolti za milimita 16" hakunisaidii kitu.

Kwenye maeneo ya matetemeko hoja ya uzito inazidi kuanguka, maana huko uzito wenyewe ndio unaozaa nguvu ya mlalo, na juu ya paa nguvu hiyo ni kubwa kuliko chini.

Dhana: kitako cha zege si mzigo, ni sehemu ya paa

Kitako cha milimita 150, mita 6.6 kwa 2.8, kwa zege la kN 25 kwa mita ya ujazo, kina kN 69. Mashine ina 59. Kitako ambacho hakuna aliyenitajia kina uzito kuliko mashine yenyewe! Kama kinamwagwa juu ya tabaka la kuzuia maji bila nondo za kukiunganisha na slabu, basi bolti zako zimefungwa vizuri sana kwenye kitu ambacho hakijafungwa popote.

Dhana: uzito wa kusafirishia unatosha

Unamtosha mwenye kreni. Kwa paa nataka uzito wa kufanyia kazi, na ule mkavu kwa ajili ya upepo. Kwa chila inayopozwa kwa hewa tofauti ni ndogo, mamia machache ya kilo. Kwa mnara wa kupoza maji, beseni likijaa, uzito unaweza kuwa mara mbili ya ule uliosafirishwa au zaidi. Mabomba nayo yana maji, na yakisimama kwa nguzo zake yenyewe hiyo ni mizigo mingine inayotaka mahali pake mchoroni.

Dhana: tukishapeana namba tumemaliza

Namba ni za mashine fulani, toleo fulani. Mkandarasi akipata mashine ya kampuni nyingine yenye "uwezo uleule," uwezo wa kupoza utakuwa uleule kweli, lakini miguu itakuwa minane, au jozi zitaachana mita 2.4 badala ya 3, na mguu utatua katikati ya slabu ambako hakuna boriti. Karatasi ya mizigo iandikwe aina ya mashine na tarehe, na ikibadilika mashine, ile ya zamani ifutwe kwa mstari mkubwa unaoonekana.

Yule mwenzangu wa juzi alinitumia mchoro wa miguu jioni ileile, na boriti za pembeni tukazibadilisha kabla chuma hakijaagizwa. Asubuhi yake akapiga simu: mwenye jengo anataka pampu ziwe ndani ya mashine. Nasubiri karatasi nyingine.