Mota ya brashi, PWM na volti ya kinyume: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tuchukue mota moja na tukae nayo hadi mwisho. Ni mota ya mkondo mnyoofu yenye brashi na sumaku za kudumu, ya volti 12. Ukinzani wa koili zake pamoja na brashi ni omu 1. Ikiachiwa bila mzigo hufika karibu mizunguko 6000 kwa dakika.

Mota hii ukiichomoa kwenye betri na kuuzungusha mhimili wake kwa nguvu ya nje, inazalisha umeme: volti 2 kwa kila mizunguko 1000 kwa dakika. Ukiirudisha kwenye betri haiachi kuzalisha. Inaendelea, ila sasa volti yake inasukuma kinyume na ile ya betri. Hiyo ndiyo volti ya kinyume. Tuiite E, volti ya betri V na ukinzani R, kisha mkondo wa mota, I, unapatikana hivi:

```
I = (V - E) / R
```

PWM ni kuiwasha na kuizima mota kwa mapigo ya haraka kupitia transista; sehemu ya muda ambayo transista imewaka ndiyo asilimia ya kuwaka. Mengi yanayosemwa kimakosa kuhusu kudhibiti mwendo wa mota kwa njia hiyo hutokana na kuisahau hiyo E, au kuifikiria kuwa kitu kingine.

“Volti ya kinyume ndiyo inayoua transista, ndiyo maana tunaweka dayodi”

Nimeisikia hii hata kwa mafundi wazuri. Dayodi inahitajika kweli, ila sababu inayotajwa siyo.

Kinachoua transista ni ukaidi wa koili. Koili haikubali mkondo wake ukatwe ghafla. Transista ikizima wakati ampea 2 zinapita, koili hupandisha volti kwa kadiri yoyote inayohitajika ili mkondo uendelee, hadi upate njia, na njia iliyo karibu ni kupasua transista yenyewe. Volti hiyo haina uhusiano na mwendo. Volti ya kinyume, kwa upande wake, inafuata mwendo tu, na kwenye mota yetu inayoendeshwa na betri ya volti 12 haifiki hata hizo 12.

Jaribio la kuzitenganisha ni rahisi. Zuia mhimili usizunguke, tumia asilimia ndogo ya kuwaka, halafu tazama kwa osiloskopu. E ni sifuri kwa sababu hakuna kinachozunguka, lakini kila transista inapozima mruko wa volti unajaribu kutokea vilevile, tena kwa nguvu zaidi kwa kuwa mkondo ni mkubwa.

Ushahidi mwingine ni jinsi dayodi yenyewe inavyofungwa. Volti ya kinyume ina chanya upande uleule wa chanya ya betri, kwa hiyo dayodi iliyofungwa sambamba na mota haiipitishi kabisa. Mruko wa koili ndio unaogeuza pande, na huo dayodi inaushika na kuuzuia usizidi volti 0.7 hivi. Chagua dayodi ya haraka, mfano Shotki aina ya 1N5822. 1N4007 ni nzito mno kuzima kwa kasi ya kilohezi 20; itapata moto na kuipa transista taabu kila inapowaka.

“PWM inapunguza volti inayofika kwenye mota”

Wakati transista imewaka mota inapata volti 12 kamili. Ikizima, mkondo unaendelea kuzunguka kupitia dayodi na volti kwenye ncha za mota ni karibu sifuri. Hakuna wakati ambapo volti 6 zinakaa pale. Kinacholainika ni mkondo, na hulainika ikiwa tu mapigo ni ya haraka kuliko koili inavyoweza kuitikia.

Mota yetu tuipe koili ya milihenri 0.5. Gawanya kwa omu 1, unapata milisekunde 0.5. Huo ndio muda ambao mkondo wake unahitaji kubadilika kwa sehemu kubwa. Kwa kilohezi 20 pigo zima pamoja na pengo lake ni maikrosekunde 50 tu, na kwa asilimia 50 ya kuwaka mkondo unapanda na kushuka kwa ampea 0.3. Hapo ni sawa kusema mota “inaona” volti 6.

Sasa shusha hadi hezi 490, kasi ambayo Arduino Uno hutoa kwenye pini ya 9 usipobadilisha chochote. Pengo linakuwa refu kuliko milisekunde 1. Mkondo unaisha kabisa kabla pigo lijalo halijafika. Katika muda uliobaki dayodi haipitishi kitu, na volti kwenye ncha za mota si sifuri tena: ni E yenyewe. Wastani wa volti unapanda juu ya 6 bila wewe kugusa chochote.

Matokeo yake huwachanganya watu wengi. Tuseme mzigo unahitaji nguvu ya kuzungusha inayolingana na wastani wa ampea 2. Kwa kilohezi 20 na asilimia 50, mota huenda karibu mizunguko 2000 kwa dakika. Kwa hezi 490, asilimia ileile na mzigo uleule, inafika karibu 3000. Anayepandisha kasi ya mapigo ili kuondoa mlio wa mota hushangaa kuona mwendo umepungua, akadhani ameharibu kitu. Hajaharibu. Tena amepata faida, maana kwa hezi 490 mkondo ulikuwa unarukaruka kutoka sifuri hadi zaidi ya ampea 5, na joto la koili, ambalo hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, lilikuwa kama wati 8 badala ya 4 kwa kazi ileile ya kuzungusha.

“Asilimia 50 ya kuwaka ni nusu ya mwendo”

Kwa kilohezi 20 ni karibu kweli, kama mzigo ni mdogo. Ukiwa mkubwa, tuseme wa ampea 2, ampea hizo zinahitaji volti 2 za kusukuma mkondo kupita kwenye omu 1, na kinachobaki ndicho kinachogeuka mwendo. Kwa volti 12 kamili, E ni 10 na mwendo ni 5000. Kwa wastani wa volti 6, E ni 4 na mwendo ni 2000. Kwa volti 3, mwendo ni 500. Chini kidogo ya asilimia 17, volti zote zinaishia kwenye ukinzani na mota haizunguki.

Ongeza mzigo hadi ampea 4. Kwa volti 12 mwendo unashuka kutoka 5000 hadi 4000, na pengine hutagundua. Kwa volti 6 unashuka kutoka 2000 hadi 1000. Kilichopotea ni kilekile, mizunguko 1000, lakini kwa mwendo mdogo ni nusu nzima. Ndiyo maana mota inayodhibitiwa kwa PWM huonekana legelege inapoenda polepole. PWM haijaipunguzia nguvu ya kuzungusha; nguvu hiyo inafuata mkondo tu.

“Volti ya kinyume ni hasara”

Hapana. Kwa ampea 2 na E ya volti 10, betri inatoa wati 24. Wati 4 ni joto, na wati 20, yaani E mara mkondo, ndizo zinazogeuka kazi ya mhimili, toa kidogo kwa msuguano. Mota isiyo na volti ya kinyume ni hita.

“Kwa asilimia ndogo, mota ikikwama haina hatari, na fyuzi ipo”

Hapa ndipo panapoungua. Kwa asilimia 50 mota ikikwama, E inakuwa sifuri na mkondo wake unapanda hadi ampea 6. Joto ni wati 36, mara tisa ya wati 4 za kawaida, wakati mota haizunguki na hewa ndani yake imesimama.

Ampea 6 hizo hutaziona kwenye betri. Betri inatoa mkondo transista ikiwaka tu. Nusu nyingine ya muda mkondo unazunguka kwenye dayodi. Kipimo kilichowekwa upande wa betri kinasoma wastani wa ampea 3, na fyuzi ya ampea 5 inaweza kukaa salama huku mota inanuka vanishi. Mlango wa kumbana mwizi ni mwingine: pima mkondo kwenye waya wa mota yenyewe, au kwenye ukinzani mdogo chini ya transista wakati ikiwa imewaka, na uzime ukizidi kiwango ulichojiwekea. Dayodi nayo ihesabie, kwani katika kukwama huko inabeba wastani wa ampea 3, mwisho kabisa wa uwezo wa 1N5822.

“Kujua mwendo lazima uweke kihisi kwenye mhimili”

Kama unahitaji mwendo wa kukadiria tu, E inatosha. Zima transista, subiri mkondo uishe, soma. Kwa mota yetu ikiwa na ampea 2, mkondo unaisha kwa kama milisekunde 0.2, kusubiri milisekunde 1 kunaacha nafasi ya kutosha.

```
analogWrite(9, 0);
delayMicroseconds(1000);
int x = analogRead(A0);
analogWrite(9, kiwango);
```

Ukiwa umefunga transista upande wa hasi, sehemu mota inapokutana na transista itakuwa volti 12 toa E. Kwa mizunguko 2000 utakuta volti 8 pale. Usiipeleke moja kwa moja kwenye pini; ipunguze kwa rezista mbili, kilo-omu 10 na 4.7, ili hata mruko wa dayodi wa volti 12.7 ufike pini ukiwa karibu volti 4. Brashi hutia kelele, kwa hiyo chukua wastani wa masomo kadhaa. Pima pia volti ya betri wakati huohuo, kwa sababu betri ikishuka hadi 11.5 nawe umeandika 12 kwenye programu, utadhani mwendo umeongezeka kwa 250.

Kosa moja halitoki hata ukipima vizuri. Sumaku za feriti hudhoofika kwa kama asilimia 0.2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Mota iliyopata joto la nyuzi 50 zaidi ya ilivyokuwa ulipoipima inazalisha E pungufu kwa asilimia 10, na volti 4 ulizozisoma zinamaanisha mizunguko 2200 hivi, si 2000. Kwa feni au kigari cha kuchezea hilo si kitu. Kwa mashine inayohitaji mwendo uleule saa nzima, hapo weka kihisi.