Je, wajua kwa nini udongo wa jiko bora unapasuka na bati halipasuki?

"Jiko langu lenye udongo ndani limepasuka hata miezi miwili halijafikisha, si bora nirudi kwenye lile la bati tupu? Au nitafute la kauri?"

Usirudi kwa bati kwanza, ngoja tuelewane. Bati halipasuki kwa sababu linajinyoosha likipata moto, ila kitu hichohicho kinachopitisha moto upesi ndani yake ndicho kinachoutoa nje, chuma kinapitisha joto mara hamsini hivi au zaidi kuliko udongo uliochomwa, ndo maana ukisogeza mguu karibu na jiko la bati unaungua wakati maharage hata hayajaanza kuchemka. Afu bati likiwa jekundu kila siku linaliwa, linatoa magamba meusi, linakuwa jembamba mpaka siku moja sehemu ya matundu inadondoka na mkaa wako chini.

Udongo wenyewe una kasoro moja ambayo watu hawaambiwi, mwanzoni unakula moto. Piga hesabu: udongo wa kilo 3 ukipanda joto nyuzi 400 unameza kama kilojuli 1,000 na kitu, ambayo ni mkaa wa gramu 35 hadi 40, vipande viwili vitatu hivi. Bati la kilo 1 linameza kama gramu 7 tu. Kwa hiyo kama unachemsha chai tu unazima, bati linaushinda udongo kwa haraka na sikatai. Lakini ukipika maharage masaa mawili, ule moto uliomezwa haupotei wote, mwingi unabaki ukutani unaurudishia mkaa, unafunga kamlango ka hewa chini na sufuria inaendelea kuchemka taratibu huku la bati ungeshaongeza mkaa mara kibao.

Sasa kupasuka. Mama mmoja anayepika maharage Mbagala aliniletea jiko lake, ufa umetoka juu mpaka karibu na matundu, upande wa ndani. Nikamuuliza ukimaliza kupika unafanyaje, akasema namwagia maji nizime mkaa wa kesho nisipoteze. Hapo hapo nikajua. Ngozi ya ndani ikimwagiwa maji inajikunja ghafla, nyuma yake bado kuna moto imetanuka, ile ya mbele inavutwa pande zote mpaka inaachia. Nikamwambia mama, toa mkaa kwa koleo uweke kwenye debe lenye mfuniko, ukikosa hewa unazimika wenyewe, na kesho unawasha ukiwa mkavu.

Sababu nyingine ni moto wa kwanza. Jiko jipya linakuwa na unyevu hasa kipindi cha masika, ukilijazia mkaa siku hiyo hiyo maji yaliyojificha ndani yanageuka mvuke unaochukua nafasi mara 1,600 hivi, na mvuke hauombi ruhusa. Liweke juani siku mbili tatu, kisha vimoto vidogo vidogo mara mbili au tatu kabla ya kulipa mzigo.

Na kauri je? Hapa watu wengi wanakosea, wanaona ile iliyochomwa sana, ngumu, inang'aa kama kikombe, wanadhani ndo imara. Kweli haikwaruziki na haimomonyoki, lakini ikishaanza ufa unakimbia moja kwa moja mpaka upande wa pili, hauna pa kusimama. Udongo uliochanganywa na pumba za mpunga au chenga za vyungu vilivyosagwa una vitundu vidogo vidogo, ufa ukifika kwenye kitundu unatulia, na vitundu hivyo hivyo vina hewa inayozuia moto kutoka nje. Mimi nachagua huo, mradi umechomwa vizuri. Kujua, gonga kwa kifundo cha kidole: ukilia kama chungu kizima sawa, ukilia "bu" una ufa au haujaiva. Kwaruza kwa kucha, ukitoka unga rudisha dukani. Au chukua kipande kilichomeguka kiloweke usiku kucha, kikirudi matope ujue hakikuwahi kuiva.

Angalia pia kati ya udongo na bati la nje. Fundi mzuri anaweka majivu yaliyochekechwa na saruji kidogo, yanakamata na bado yanaachia udongo unaotanuka nafasi. Ukibanwa moja kwa moja na bati, unapasuka hata bila maji.

Huo ufa wako, kama ni uzi tu, endelea kupika, hauharibu chochote. Kama kucha inaingia kwenye ufa, loweka udongo wa mfinyanzi, changanya na majivu, sukuma ndani, acha kivulini siku tatu ndo uwashe kidogo. Ila kama bati la nje limeanza kubadilika rangi mkabala na ufa, au sehemu ya matundu imekatika, ng'oa udongo wote uweke mwingine, bati la nje bado litakufaa.