Je, wajua kwa nini saratani ya njia ya haja kubwa hudhaniwa kuwa bawasiri?

“Mama yangu mdogo, hapa Tanga, ana kinyama pembeni mwa njia ya haja kubwa kwa miezi minne sasa. Kinamwasha na kutoa damu, na kila mtu anamwambia ni bawasiri. Tutajuaje kama si saratani?”

Magonjwa haya mawili hukaa mahali pamoja, penye ngozi nyororo na mishipa mingi ya damu, na ndiyo maana yote huweza kuleta damu, muwasho na uvimbe. Wengi wenye dalili hizo kweli wana bawasiri, kwa kuwa saratani hii ni ya nadra. Hata hivyo, maelezo uliyoyatoa yana jambo moja linalonifanya nisitulie, nalo ni hiyo miezi minne.

Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba, kwa hiyo uvimbe wake huwa laini ukiguswa, na ule unaotoka wakati wa kujisaidia mara nyingi hurudi wenyewe au hurudishwa kwa kidole. Upo wakati bawasiri ya nje huwa ngumu, yaani damu inapoganda ndani yake. Lakini hapo uvimbe hutokea ghafla, huwa na rangi ya samawati, huuma sana siku za mwanzo, kisha hunywea ndani ya wiki chache na pengine kuacha kikunjo laini cha ngozi kisichokua. Saratani haifuati mwendo huo. Ni nyama inayoota na kujishikiza kwenye tishu zilizo chini yake, hivyo huwa ngumu, haisogei, hairudi ndani, na huongezeka polepole, mara nyingine ikiwa na kidonda katikati na kingo zilizoinuka. Mwanzoni huenda isiume kabisa, na utulivu huo ndio unaowapoteza wengi.

Damu peke yake haitoi jibu. Ya bawasiri kwa kawaida ni nyekundu ing'aayo, huonekana baada ya choo na hukoma kwa siku kadhaa. Ya saratani nayo yaweza kuwa nyekundu vilevile, ila huendelea kurudi, na huenda ikachafua nguo hata pasipo choo, pengine pamoja na ute. Muwasho nao una sababu nyingi, zikiwemo unyevu, fangasi na minyoo. Unaostahili kuchunguzwa ni ule unaobaki sehemu ileile huku ngozi ya hapo ikiwa nene au imebadilika rangi, na dawa za kupaka haziupunguzi. Mpapase pia kinena, kwa sababu saratani ya sehemu hiyo huweza kusambaa hadi kwenye matezi ya hapo na kuyafanya kuwa magumu, jambo ambalo bawasiri haifanyi.

Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, na mwambieni daktari waziwazi muda ambao kinyama kimekaa. Akubali kupimwa kwa kidole chenye glavu. Ni uchunguzi wa dakika chache, na wengi huukwepa kwa haya, ilhali ndio unaotambua ugumu ambao macho hayauoni. Baada ya hapo daktari huweza kuingiza kifaa kifupi cha kutazamia ndani. Akiona shaka, hukatwa kipande kidogo cha nyama na kupelekwa maabara, na hicho pekee ndicho kinachothibitisha. Msikubali apakwe dawa za kuunguza kinyama kabla ya kipimo, kwa maana huacha kidonda kinachoficha ugonjwa. Na akikutwa na bawasiri pia, kile kilicho kigumu bado kipimwe, kwani mtu mmoja aweza kuwa na vyote viwili.

Ni vyema apime pia VVU, hata akiwa mwanamke mtu mzima na mstahiki. Sehemu kubwa ya saratani hizi husababishwa na virusi vya papiloma, hasa aina ya 16, ambavyo pia husababisha saratani ya mlango wa kizazi, na kinga iliyopungua huviacha vidumu mwilini. Virusi hivyo huenea mno na huweza kukaa miaka mingi, kwa hiyo ugonjwa huu si ushahidi wa mwenendo wa mtu.

Ikithibitika, mara nyingi mgonjwa hapelekwi moja kwa moja kukatwa. Tiba ya kawaida, ugonjwa ukiwa haujasambaa mbali, ni mionzi pamoja na dawa za saratani kwa takriban wiki 5 hadi 6, ambayo mara nyingi huiacha misuli ya kuzuia haja ikiwa salama; Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni mojawapo ya vituo vinavyotoa mionzi. Uvimbe huendelea kunywea baada ya tiba, hata hadi wiki ya 26, kwa hiyo kubaki kwake mwezi wa kwanza hakumaanishi kwamba tiba imeshindwa, na madaktari husubiri kabla ya kufikiria upasuaji iwapo unazidi kupungua.