Dumu, kiroba na tofali: yanayoaminiwa na ukweli wake

Vijana wanaofanya mazoezi ya nguvu ufukweni Shangani au kwenye vibaraza vya Mikindani, huku Mtwara, hawana vyuma vya jimu. Wana madumu ya maji, viroba vya mchanga na matofali, na kwa mtu anayejua kuvitumia vifaa hivyo vinatosha kujenga misuli. Kinachowaumiza mara nyingi ni kutojua uzito wanaonyanyua. Ukimuuliza mmoja wao, atakutajia kilo bila kusita, lakini mara nyingi hiyo namba ni ya kubahatisha.

Dhana: Lita kumi ni kilo kumi, ziwe za maji au za mchanga

Kwa maji ni kweli. Lita moja ya maji ina kilo moja, na dumu tupu la lita 20 lenyewe lina kama kilo moja. Ndiyo maana dumu la maji ni kipimo cha kuaminika kuliko vifaa vingine vyote vya nyumbani.

Mchanga ni habari nyingine. Lita moja ya mchanga mkavu ina takribani kilo moja na nusu, au zaidi kidogo ukiushindilia. Mchanga uliolowa, kama ule unaochotwa ufukweni maji yakiwa yameanza kutoka, unakaribia kilo mbili kwa lita. Kwa hiyo ukijaza mchanga mbichi kwenye dumu la lita 20 hunyanyui kilo 20. Unanyanyua karibu kilo 40, tena kwa mpini uliotengenezwa kubeba maji.

Kijana mmoja wa Mikindani alikuwa na kiroba alichokijaza nusu ndoo ya mchanga wa pwani, yaani lita kumi. Alikiita «kilo kumi». Alikikumbatia kifuani na kuchuchumaa mara nane, akiwa hoi. Baada ya wiki kadhaa kikiwa kibarazani alifika mara kumi na mbili, akafurahi kwamba nguvu zimepanda. Desemba mvua ikanyesha usiku, kiroba kikalowa, naye akarudi palepale pa nane. Akaja kuniuliza, «Kocha, mbona nimeshuka?»

Tulikipima kwa mzega. Mti ulionyooka ulifungwa kamba katikati kabisa na kuning'inizwa kwenye tawi la mwembe. Kiroba kilifungwa ncha moja na dumu tupu la lita 20 ncha ya pili, umbali sawa na ile kamba ya kati. Kisha tukamimina maji kwenye dumu kwa chupa ya lita moja na nusu, tukihesabu chupa, mpaka mti ukalala sawasawa. Yaliingia maji ya chupa kumi na mbili, ambayo ni lita 18. Ukiongeza kilo moja ya dumu lenyewe, «kilo kumi» zilikuwa 19. Mchanga uleule ulipoanikwa juu ya turubai ukakauka, ukapimwa tena kwa mzega, ukawa na kilo 16.

Kumbe sehemu ya yale maendeleo yake ilikuwa maji yaliyokauka. Sikumwambia kwamba hakupata nguvu kabisa, maana wiki kadhaa za kuchuchumaa zinafanya kazi, ila hakuna aliyeweza kujua ni kiasi gani. Uzito wa mazoezi ukibadilika wenyewe, huna pa kuanzia wala pa kuongezea. Hatari zaidi ni ile siku unapoamka ukakuta umeongezeka kilo tatu na wewe unaunyanyua kwa kasi ileile ya jana.

Dawa yake ni kuutenga mchanga na maji. Uanike ukauke kabisa, uchekeche kutoa mawe na vipande vya kombe, kisha ujaze kwenye chupa za maji za lita moja na nusu. Gonga chupa chini mara kadhaa ili mchanga ushuke, ongeza mpaka shingoni, funga kifuniko. Chupa moja inakuwa na kilo mbili na robo hadi mbili na nusu, na uzito huo utabaki vilevile masika na kiangazi. Mifuko laini ya plastiki ingefanya kazi hiyo pia, lakini mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na chupa zimejaa kila kona bure.

Chupa hizo zipange kwenye begi la shule lenye mikanda mizima. Zibane kwa kanga kuukuu ili zisigongane, na upande unaogusa mgongo uweke tabaka nene la kitambaa. Chupa sita ni kama kilo 14. Ukitaka kuongeza unaongeza chupa moja, na unajua umeongeza nini.

Dhana: Dumu lililojaa nusu ni salama zaidi kuliko dumu zima

Ni jepesi zaidi, hilo halina ubishi. Lakini maji yakiwa nusu yanapata nafasi ya kukimbia. Ukiinamisha dumu la lita 20 lenye lita kumi, kilo zote hizo zinakimbilia upande mmoja, na kiwiko, bega au kiuno kinalazimika kuzidaka katikati ya mwendo. Anayeanza hana uwezo huo bado. Dumu la lita kumi lililojaa mpaka kooni lina uzito uleule na halimfanyii vituko.

Basi badala ya kupunguza maji, punguza ukubwa wa chombo. Kidumu cha lita tatu, cha lita tano, cha lita kumi, halafu cha 20, kila kimoja kikiwa kimejaa. Wapo wazoefu wanaotumia maji yanayochezacheza kwa makusudi, kufundisha kiuno kujikaza, nao hufanya hivyo na dumu jepesi lililokumbatiwa kifuani. Masikio yanasaidia hapa: ukisikia maji yanapiga kuta za dumu kwa kishindo, unanyanyua kwa haraka kupita kiasi.

Angalia pia mpini kabla ya kushika. Plastiki iliyoanikwa juani muda mrefu hupauka na kukakamaa, na pale inapoelemewa hutokea mistari myeupe. Ukiiona mistari hiyo, lirudishe dumu kwenye kazi ya maji ya kuogea. Na hata likiwa jipya, dumu la lita 20 halina sababu ya kwenda juu ya kichwa. Lining'inie mikononi, moja kila upande, unaposimama kutoka chini, au libaki kifuani.

Mzega wenye dumu kila ncha unafanana na vyuma vya jimu kwa macho tu. Madumu yanabembea, na kamba inateleza kuelekea nje. Ukitaka kuutumia, chonga mti alama kidogo pale kamba inapokaa, funga kwa kamba fupi, na unyanyue kutoka chini mpaka usawa wa mapaja. Kulala chali ukausukuma juu ya kifua ni mchezo wa kuvunjika mbavu, maana dumu moja likichomoka, la upande wa pili linakupindua.

Dhana: Tofali ni dogo, haliwezi kuumiza

Tofali la kuchoma lina kama kilo tatu hivi, kutegemea tanuri na udongo, na linakunywa maji, kwa hiyo lililolala mvuani ni zito kuliko lililo ndani. Kilo tatu zinaonekana si kitu. Lakini lishike kwa mkono ulionyooka mbele, kama sentimita 60 kutoka begani, na bega litabeba mzigo mara mbili ya ule linaobeba ukikunja kiwiko tofali likabaki sentimita 30. Wanaolalamika mabega baada ya wiki ya matofali karibu wote walikuwa wakinyoosha mikono.

Shida nyingine ni mshiko. Tofali halina mpini, kingo zake zinakata, na jasho likitoka linateleza, na mguu uliovaa ndala ndio unaolipokea. Lishike kwa mikono miwili, lizungushie kitambaa, vaa viatu vilivyofunika vidole. Kabla ya hapo lining'inize mkononi na uligonge kwa jiwe: lisilo na ufa linatoa mlio mkali, lenye ufa ndani linatoa mlio mfu. Tofali zima la saruji la inchi sita ni kitu tofauti kabisa, linaweza kufika kilo 30, na halifai kuwa kifaa cha kuanzia.

Dhana: Mfuko wowote mgumu unafaa

Huku kwetu mifuko migumu iliyo karibu zaidi ni ya salfa, ile ya unga wa kupulizia mikorosho, pamoja na madumu ya viuatilifu. Hata ukikung'uta, vumbi la salfa linabaki kwenye nyuzi, na linachoma macho na kifua kila unapokibwaga kiroba. Dumu la kiuatilifu haliwi dumu la mazoezi hata likioshwa mara ngapi. Tafuta kiroba cha mchele au sukari, na ukiweke kivulini, kwa sababu jua linazioza nyuzi zake hadi siku moja kinapasuka mikononi.

Dhana: Makuli wanabeba magunia ya korosho, kwa hiyo mzigo mzito ndio unaojenga

Gunia la korosho lina kama kilo 80. Tangu 1967 Shirika la Kazi Duniani limependekeza mwanamume mzima asibebeshwe mzigo wa mkono unaozidi kilo 55, na ukiongea na makuli wa zamani kuhusu migongo yao utaelewa. Yule anafuata ujira, huchagui mazoezi kwa kumwangalia yeye.

Misuli inakua hata kwa uzito wa wastani, mradi seti iishie karibu na mahali unapochoka kabisa. Uzito mkubwa unashinda pale tu lengo linapokuwa kunyanyua kitu kizito sana kwa mara moja. Kijana wa Mikindani sasa anatumia begi la chupa sita mara mbili kwa wiki, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja kuwa cha chini kwa mtu mzima. Anachuchumaa nalo likiwa kifuani, anapiga pushapu likiwa mgongoni, kisha anainama mkono mmoja ukiwa kwenye benchi na kulivuta kuelekea ubavuni kwa mkono wa pili. Kila zoezi ni seti tatu, za marudio nane hadi 15, na anaacha pale anapohisi amebakiza mawili. Akifika 15 kwenye seti zote tatu mgongo ukiwa bado umenyooka, anaongeza chupa.

Anatoa pumzi wakati wa kunyanyua. Kubana pumzi kunapandisha presha ghafla, na mwenye tatizo la presha aongee na daktari kabla hajagusa dumu. Misuli kuuma siku ya pili ni kawaida. Maumivu makali ya ghafla, au ya mgongo yanayoshuka mguuni na kuleta ganzi, si ya kuyafanyia mazoezi: weka begi chini, nenda hospitali.