"Mfanyakazi alizembea" sio chanzo cha ajali

Ripoti nyingi za ajali ninazoletewa nizipitie, nikifika kwenye sehemu ya chanzo nakuta mstari mmoja tu, "mfanyakazi alizembea, apewe mafunzo upya", halafu saini na mhuri. Hapo ameandikwa wa kulaumiwa tu, chanzo bado.

Chukua hii ya kiwanda kimoja cha unga, jamaa wa usafi alibanwa vidole kati ya mkanda wa konveya na rola ya nyuma. Chanzo cha moja kwa moja ni yale ya sekunde ile: aliingiza mkono kukwangua unga ulioganda mkanda ukiwa unatembea, na kava ya rola haikuwepo. Andika hivyo hivyo, maana mkono na kava vinathibitika, uzembe ni maoni yako.

Sasa uliza, kava ilienda wapi? Ilikutwa imeegemezwa ukutani, imejaa vumbi, nati zake hazipo kabisa, kwa hiyo haikutolewa siku ile. Wenzake wakasema huwa inafungwa kwa bolti sita na spana anayo fundi peke yake, na unga ukiganda kwenye rola mkanda unahama upande, yaani kila shifti lazima ukwanguliwe, ila ratiba ya uzalishaji haina hata dakika ya kusimamisha mashine. Hizo ndo kasoro za mfumo: kava isiyofunguka bila fundi, na ratiba inayomlazimisha mtu kusafisha mashine inazunguka.

Usimamizi uandike kwa aya yake, usiuchanganye na mfumo. Cheklisti ya supavaiza ina swali "kava zote zipo?" na imewekwa tiki mwezi mzima, mpaka Jumapili ambazo kiwanda kinafungwa (hapa huwa nacheka kwa uchungu). Fomu ipo na swali lipo, ila hakuna aliyeenda kuangalia, na meneja anayezipokea hakuwahi kushuka kuzilinganisha na mashine yenyewe. Lakini usimgeuze supavaiza kuwa mzembe mpya, uliza pia ana laini ngapi za kuzunguka, na je anaruhusiwa kusimamisha mkanda bila kupigiwa kelele?

Kipimo changu ni hiki: weka mtu mwingine makini pale pale, kava ikiwa bado ukutani na ratiba ni ile ile, atabanwa? Kama anaweza kubanwa, endelea kuchimba. Ukifika kwenye jambo ambalo kampuni haina uwezo wa kulibadilisha, umepitiliza, rudi hatua moja. Na kila sentensi iwe na picha, fomu au maelezo ya shahidi nyuma yake, usipokuwa nayo andika "haikuthibitika".

Ukiandika hivi, mapendekezo nayo yanabadilika. Kwenye hii ya konveya ilikuwa kava ya bawaba yenye swichi inayokata umeme ikifunguliwa, muda wa usafi ndani ya ratiba na kufuli kwenye swichi kuu, na meneja kuchagua cheklisti moja kila wiki akaihakiki mwenyewe pale kwenye mashine. Mafunzo yalibaki, ila mstari wa mwisho.