Kusoma "muyu waghu": dhana potofu kuhusu tungo za kale za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu

Dhana: Anayesoma Msahafu atausoma utenzi wa kale bila shida.

Herufi atazitambua, lakini maneno yatampotea. Chukua mistari hii ya Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, wa mwanzoni mwa karne ya 19:

*Moyo wangu nini huitabiri,*
*twambe u mwelevu wa kukhitari,*
*huyui dunia ina ghururi,*
*ndia za tatasi huzandamaye?*

Kiarabu hakina irabu e wala o, basi waandishi wengi wa zamani walitumia kasra kwa i na e, dhumma kwa u na o. Ng nayo iliandikwa kwa ghaini, na nd kwa dali peke yake. Kwa tahajia hiyo "moyo wangu" huonekana "muyu waghu", na "ndia" huonekana "dia". Tazama sasa "ghururi": ghaini ileile, ila hapa ni gh kwelikweli, kwa kuwa neno limetoka kwenye Kurani, Aali Imran aya ya 185, inayoyaita maisha ya dunia starehe ya ghururi, yaani ya kudanganya. Kwa hiyo kila ukikuta ghaini, uliza kwanza: neno hili lina mzizi wa Kiarabu au ni la Kibantu?

Dhana: "Huyui" na "ndia" ni makosa ya mnakili.

Hapana, ni Kiswahili cha kaskazini, cha Lamu na Pate. Y yao mara nyingi ni j yetu, na nd yao huweza kuwa nj: huyui ni hujui, ndia ni njia. Anayeyasahihisha maneno hayo anaharibu ushahidi wa mahali utungo ulikozaliwa.

Dhana: Neno likifanana na la leo, maana ni ileile.

Hapa ndipo wengi huteleza, hata wasomaji wazuri. "Huitabiri" huonekana kama hu-i-tabiri, mtu anayebashiri jambo. Lakini mshairi anaukaripia moyo wake: mbona huzingatii? Kitenzi ni itabiri, kutoka Kiarabu iʿtabara, kupata ibra. "Hu" ni kikanushi cha nafsi ya pili, kama katika "huyui". Kutabiri kwetu kumetokana na taʿbir, kufasiri ndoto. Mzizi ni mmoja, ain-be-re, na ndiyo maana maneno haya hupotosha.

Ikiwa mnakili amehifadhi tahajia ya Kiarabu, angalia mpangilio: ain ikitangulia te, ni itabiri, te ikitangulia ain, ni tabiri. Kama ain imedondoshwa, na wanakili wengine huidondosha, mizani haitakusaidia, maana silabi ni 11 kwa usomaji wowote. Itabidi uamue kwa mstari wa tatu, ambako moyo unaulizwa kama haujui hadaa ya dunia. Anayeulizwa hivyo hakuwa akibashiri kitu.